Kumchora mvuvi wa Bagamoyo: nuru na kivuli ndani ya teksicha moja

Modeli ya pembetatu 1,400 haina mikunjo ya nguo, haina kope, haina mfupa wa shavu. Vyote hivyo inabidi vichorwe kwa brashi kwenye picha bapa inayovishwa modeli, yaani teksicha. Katika mtindo ninaoueleza hapa picha hiyo haibebi rangi peke yake. Inabeba pia nuru na kivuli, kiasi kwamba mchezo hauhitaji taa yoyote ili mhusika aonekane ana mwili. Simu ya bei nafuu inamwonyesha vizuri kwa sababu hesabu ya mwanga ilishafanywa na mchoraji.

Nitamfuata mhusika mmoja mwanzo hadi mwisho: mvuvi wa makamo, anasimama mchangani karibu na soko la samaki la Bagamoyo. Amevaa kofia nyeupe ya kudariziwa, shati la buluu lililopauka kwa jua na chumvi, na kikoi kilichofungwa kiunoni. Miguu mitupu. Programu ni mbili na zote ni za bure: Blender kwa modeli na kwa kuchora moja kwa moja juu yake, na Krita kwa kuchora kwa matabaka. Nachukulia kwamba modeli yenyewe unayo tayari, ina mifupa ya kuisogeza, na ina urefu wa mita 1.7.

Kwanza amua jua liko wapi

Hili ndilo uamuzi unaobeba kazi nzima, na hufanywa kabla ya kugusa brashi. Nuru iliyochorwa kwenye teksicha imegandia mwilini. Ukimchora mvuvi akiangazwa kutoka kushoto, akigeuka nyuma jua nalo litageuka naye, na mchezaji ataliona kosa hata kama hawezi kulitaja. Nuru pekee inayovumilia kuzunguka kwa mhusika ni ile inayotoka juu, kwa sababu akigeukia upande wowote, juu hubaki juu.

Bahati nzuri, pwani yetu inaikubali nuru hiyo. Bagamoyo iko takriban nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Hata Juni, linapokuwa mbali kabisa, huwa limeinama kama nyuzi 30 tu kutoka utosini. Nenda ufukweni saa hizo umtazame mtu aliyesimama. Paji la uso, mgongo wa pua na mabega vinawaka. Macho yamezama kivulini. Chini ya kidevu ni giza, lakini si giza tupu, kwa maana mchanga unairudisha nuru kwenda juu ikiwa na joto la rangi ya mchanga. Na sehemu zilizo kivulini huku zikitazama anga zina ubuluu kidogo.

Basi una nuru tatu za kukumbuka. Jua la juu, lenye nguvu. Anga, inayotia ubuluu kwenye vivuli vya nguo. Mchanga, unaopasha joto sehemu zinazotazama chini. Ukipotea katikati ya kazi, rudi kwenye hizo tatu na ujiulize sehemu unayoichora inatazama wapi.

Jambo la pili la kuamua ni mikono. Modeli nyingi hutengenezwa mikono ikiwa imetanuliwa, ili iwe rahisi kuifunga kwenye mifupa. Ukichora nuru katika mkao huo, upande mzima wa juu wa mkono utawaka kuanzia bega hadi kiganja. Mvuvi akishusha mikono, mng'ao huo unakuwa mstari mweupe unaoteremka ubavuni bila sababu. Kwa hiyo mshushie mikono kwa kutumia mifupa, umweke katika mkao atakaoonekana nao muda mwingi, halafu ndipo uanze hesabu za nuru. Na usichore kamwe kivuli cha mkono kikianguka kwenye shati. Mkono utaondoka na kivuli kitabaki.

Kuikunjua modeli

Chora kwenye picha ya pikseli 1024 kwa 1024, kisha mwishoni uipunguze iwe 512. Kupunguza kunalainisha mikwaruzo midogo ya brashi na bado faili kubwa unalo.

Katika `UV Editor` kila kipande cha ngozi ya modeli hukaa kama kisiwa. Kichwa kipe karibu robo ya picha nzima, ingawa mwilini ni kidogo, kwa sababu macho ya mchezaji yanakwenda huko. Nyayo na ndani ya kikoi vipe nafasi finyu. Visiwa vyote visimame wima, juu ya mwili iwe juu ya picha, ili mkono wako usichanganyikiwe nuru inatoka wapi. Acha pikseli 16 kati ya kisiwa na kisiwa.

Shati, mikono na miguu vinaweza kutumia nusu moja kwa pande zote mbili: unachora mkono mmoja, wa pili unaufuata. Kwa vile nuru yetu inatoka juu, kulaliana huku hakuharibu kitu. Kikoi usikifanye hivyo, maana mbele kina upande mmoja uliolalia mwingine, na kukirudufu kutakinyima uhai. Uso unaweza kuurudufu, ila macho yape visiwa vyake, kila jicho peke yake. Sababu utaiona tukifika usoni.

Nusu inayorudufiwa isogeze pembeni kwa kipimo 1 kamili: ichague, bonyeza `G`, `X`, andika `1`, kisha `Enter`. Kwenye modeli itaonekana vilevile kwa kuwa picha hujirudia, lakini Blender haitaandika rangi mara mbili mahali pamoja wakati wa hesabu za nuru.

Kabla ya kuendelea, rekebisha kioo chako cha kutazamia. Kwenye `Render Properties`, sehemu ya `Color Management`, weka `View Transform` kuwa `Standard`. Tangu Blender 4.0 chaguo la kawaida ni `AgX`, ambalo hupoza rangi kali. Ni zuri kwa picha za uhalisia, lakini hapa litakufanya uongeze ukali wa rangi usiohitajika, na ndani ya mchezo mvuvi atatoka akiwa amekolea kupita kiasi. Kisha kwenye `Solid`, fungua menyu ya `Viewport Shading`, chagua `Lighting: Flat` na `Color: Texture`. Sasa unachokiona ni teksicha yenyewe, bila taa ya programu kukusaidia.

Rangi za msingi

Jaza kila kisiwa rangi moja bapa. Usichague rangi iliyo angavu kabisa wala nyeusi kabisa, kwa sababu nuru inahitaji nafasi ya kupanda na kivuli kinahitaji nafasi ya kushuka. Hizi ndizo za mvuvi wetu:

```
Ngozi        #6B4230
Kofia        #D9D2C3
Shati        #4F7A8C
Kikoi        #D2BE98
Milia        #8A2F35
```

Kofia ni nyeupe lakini msimbo wake si `#FFFFFF`. Weupe wenyewe utaupata baadaye utosini tu, palipo na jua. Ukianza na nyeupe kamili, kofia itakuwa duara la karatasi.

Kwa kila rangi andaa kivuli chake na mwanga wake mapema. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kupata kivuli kwa kuongeza nyeusi na mwanga kwa kuongeza nyeupe, na matokeo yake ni rangi ya majivu. Ngozi nyeusi hasa inaonewa na njia hiyo. Ngozi ya mvuvi ikienda kivulini inasogea kuelekea wekundu, `#42201F`. Ikipata jua inakuwa `#95634A`, bado ina joto. Na pale inaporudisha mng'ao wa anga, kwenye paji la uso na ncha ya pua, inapoa na kupungua ukali: `#B99A94`. Huo mng'ao uliopoa ndio unaofanya ngozi ionekane ina jasho na uhai. Ukiuweka rangi ya chungwa, ngozi itafanana na mbao iliyopakwa vanishi.

Shati kivulini linakwenda `#2C4560`, kwenye jua `#86AEB0`. Kofia kivulini `#8E8AA3`, na ukingoni chini, mahali mchanga unaporudisha nuru, `#C9A983`.

Hesabu tatu za kompyuta

Mchoraji mwenye mkono mzuri anaweza kuanza kuchora sasa hivi. Mimi napendelea kompyuta inipe msingi wa nuru kwanza, kwa sababu unakuwa sahihi kila mahali na unachukua dakika chache. Tunahitaji picha tatu za kijivu: mwelekeo wa nyuso, urefu kutoka chini, na vivuli vya pembeni ambapo vitu vinakaribiana.

Chagua `Cycles` kama `Render Engine`. Kwenye nyenzo ya modeli weka nodi ya `Image Texture` yenye picha mpya ya 1024, na picha hiyo iwe `Non-Color`, la sivyo kijivu cha kati kitapanda na kuwa cheupe mno. Iache nodi hiyo ikiwa imechaguliwa. Kisha unganisha nodi hizi kwa ajili ya picha ya kwanza:

```
Geometry (Normal) → Separate XYZ (Z)
→ Map Range (-1..1 → 0..1) → Emission
→ Material Output
```

Kwenye `Bake` chagua `Bake Type: Emit`, `Margin` pikseli 16, bonyeza `Bake`. Kila sehemu inayotazama juu itatoka nyeupe, inayotazama pembeni kijivu, inayotazama chini nyeusi. Hilo ndilo jua letu la saa sita.

Picha ya pili tumia nodi zilezile, ila badala ya `Normal` chukua `Position`, na `Map Range` iwe kutoka `0` hadi `1.7`, ule urefu wa mvuvi kwa mita. Utapata picha inayoanza nyeusi miguuni na kuishia nyeupe kichwani. Ya tatu badilisha `Bake Type` iwe `Ambient Occlusion`, nodi hazijali. Kila picha ipe nodi yake na uihifadhi kwa `Image > Save As`. Blender haihifadhi picha pamoja na faili la modeli isipokuwa uiambie, na kazi ya mchana mzima hupotea hivyo.

Fungua Krita, panga matabaka kutoka chini kwenda juu: rangi za msingi, urefu, mwelekeo, kisha vivuli vya pembeni.

Tabaka la urefu lipitishe kwenye `Filter > Map > Gradient Map`, nyeusi igeuzwe `#8F86A6` na nyeupe ibaki nyeupe. Liweke `Multiply`, nguvu asilimia 50. Sasa miguu imefifia na uso umejitokeza. Jambo hili halina uhalisia wowote wa fizikia, kwani jua haliishii kiunoni, lakini ndilo linalomwambia mchezaji atazame wapi, na mhusika asiye nalo huonekana ana uzito uleule kila mahali.

Tabaka la mwelekeo liwe `Overlay`, asilimia 45. Kijivu cha kati hakibadilishi kitu. Nyeupe inapandisha, nyeusi inashusha.

Tabaka la vivuli vya pembeni lipitishe tena kwenye `Gradient Map`, nyeusi iwe `#5A2A33`, kisha `Multiply` asilimia 60. Hapo ndipo kwapa, shingo chini ya kidevu na ukingo wa kofia hupata wekundu wa giza badala ya masizi. Ukiona ubavu wa shati umeingia giza pana kwa sababu mkono ulikuwa karibu wakati wa hesabu, ufute kwa brashi laini. Acha kwapa tu.

Hamisha picha kwa PNG, rudi Blender, bonyeza `Alt R` kwenye `Image Editor` ili picha isomwe upya. Mvuvi ana mwili tayari. Bado ni baridi na laini mno, kama sabuni iliyotumika, na kuanzia hapa kazi ni ya mkono.

Kuchora kwa mkono: sura kabla ya maelezo

Tumia brashi moja ya duara yenye ukingo mgumu. Kama una tableti ya kuchorea, weka mkandamizo wa kalamu ubadilishe nguvu ya rangi. Kama una maus tu, weka nguvu kati ya 0.25 na 0.35 na upake kwa mapito kadhaa. Inawezekana kabisa, ila inachukua muda zaidi.

Anza na mabapa makubwa. Kwenye mkono, kwa mfano, weka eneo la mwanga begani, eneo la kati ubavuni mwa mkono, eneo la kivuli upande wa ndani. Maeneo matatu, mipaka migumu, hakuna kuchanganya bado. Halafu kwenye kila mpaka okota rangi iliyo katikati ya hizo mbili na upake mpito mmoja au miwili kufuata mzingo wa mkono. Usitumie brashi ya kupuliza. Mpuliziko hufuta mabapa, na mabapa ndiyo yanayoifanya modeli yenye kona ionekane ya duara kwa makusudi. Ukisogeza picha karibu, mapito ya brashi yaonekane.

Chora nje ya mipaka ya visiwa pia, uingie pikseli kadhaa kwenye nafasi tupu. Mchezo ukimwonyesha mvuvi kwa mbali, pikseli za jirani huchanganywa, na kama nje ya kisiwa kuna nyeusi, utaona nyuzi nyeusi kwenye mishono. Ukichora ndani ya Blender, kwenye `Options` pandisha `Bleed` hadi 8.

Mishono yenyewe ichorwe Blender, juu ya modeli, maana Krita haijui kwamba kisiwa cha mbele ya shati kinashikana na cha nyuma. Lakini chagua faili moja liwe mama, nalo liwe la Krita. Kila ukirekebisha mshono Blender, hifadhi PNG na uilete Krita kama tabaka la juu kabisa. Usipofanya hivyo, siku utakapohamisha upya kutoka Krita, mishono yote iliyorekebishwa itarudi ilivyokuwa.

Kikoi

Hapa ndipo mhusika anapopata au kukosa uzito, kwa hiyo usiharakishe. Kwenye modeli kikoi ni bomba lenye kama pande kumi. Mikunjo yote ni ya kuchorwa.

Mkunjo huwa na chanzo. Kikoi cha mvuvi kina vyanzo viwili: fundo la kiunoni, ambako kitambaa kimekazwa na kusokotwa, na magoti, yanayokisukuma kwa mbele. Kutoka kwenye fundo mikunjo hutawanyika kwenda chini, ikiwa mifupi na myembamba karibu na fundo, mirefu na mipana inapoliacha. Ukichora mistari ya wima iliyolingana kuzunguka kiuno chote, utapata pazia. Tafuta mikunjo mitano au sita tu, iwe na upana tofauti, na eneo moja pajani liachwe tulivu kabisa.

Kila mkunjo una kilele kinachoshika jua, mteremko wa rangi ya kawaida, bonde la kivuli, na karibu na sakafu ya bonde hilo mstari mwembamba wenye joto la mchanga. Kwa kikoi chetu bonde ni `#7E6A7A`, kilele ni `#EBDDBB`, joto ni `#C79A63`. Upande mmoja wa bonde uwe na ukingo mkali, mahali kitambaa kilipokunjika na kujilalia. Upande wa pili uyeyuke polepole. Ukali pande zote mbili utaleta mfereji. Ulaini pande zote mbili utaleta moshi. Tofauti kati ya ukingo mkali na laini ndiyo inayosomeka kama kitambaa hata kwenye kioo kidogo cha simu.

Sasa milia ya pindoni. Ichore kwanza ikiwa imenyooka, kwenye tabaka lake, chini ya tabaka la mikunjo, ili kivuli kiipite pamoja na kitambaa. Kisha mahali kila bonde linapoikata, isogeze pikseli 4 hadi 6 kwenda juu au chini, na upande uliofunikwa uikate kabisa uendelee baada ya ukingo mkali. Milia iliyonyooka juu ya mikunjo iliyochorwa vizuri huifuta mikunjo yote. Jicho linaamini mlia kuliko linavyoamini kivuli.

Angalia pia mistari ya modeli yenyewe. Magotini, ambako modeli itapinda mvuvi akitembea, panga bonde lipite juu ya mstari wa pembetatu au sambamba nao. Mkunjo unaokatiza katikati ya pembetatu pana utavutika na kuonekana kama mpira. Cheza mwendo wa kutembea mara moja kabla ya kumaliza eneo hilo. Kasoro huonekana hatua ya kwanza tu.

Chini ya kitumbo cha fundo weka kivuli kimoja kizito, `#4E3A4C`. Ndicho kivuli kigumu pekee ninachokiruhusu kwenye kikoi, kwa sababu fundo haliondoki mahali pake.

Uso

Jua la juu lina mpangilio wake usoni, na ukiushika hutakosea sana. Paji la uso mwanga, tundu la jicho kivuli, mgongo wa pua mwanga, chini ya pua kivuli, mdomo wa juu kivuli, mdomo wa chini mwanga, chini ya mdomo kivuli, ncha ya kidevu mwanga, chini ya kidevu giza lenye joto la mchanga. Mwanga na kivuli vinapokezana kutoka juu hadi chini. Mfupa wa shavu unashika mwanga kwa juu, na chini yake shavu la mtu wa makamo linazama kidogo.

Kofia inafunika sehemu ya juu ya paji. Weka chini ya ukingo wake mstari wa kivuli usiozidi pikseli 6, wenye ukingo mgumu kwa chini. Kofia haisogei kutoka kichwani, kwa hiyo kivuli hiki kinaruhusiwa. Darizi za kofia usizichore tundu moja moja. Vitone vya `#8E8AA3` vilivyopangwa safu mbili, kila kimoja kikiwa na kitone cha mwanga chini yake, vinatosha. Kitone cha mwanga kikae chini kwa sababu tundu limezama, na nuru ya juu hugonga ukingo wake wa chini. Ukikiweka juu, vitone vitageuka vifungo.

Macho ndiyo yaliyonifanya nisisitize visiwa viwili. Kimeta cha jichoni huwa upande uleule kwa macho yote mawili. Ukirudufu jicho, vimeta vitatazamana na mvuvi ataonekana ana makengeza. Kama nafasi imekubana na ni lazima urudufu, kiweke kimeta katikati kabisa juu ya mboni. Nyeupe ya jicho iwe `#C9B8A8`, na theluthi yake ya juu, chini ya kope, iwe `#7A6263`. Bila kivuli hicho cha kope jicho litatumbuka, na mtu ataonekana ameshtuka katika kila tukio la mchezo.

Kupima kabla ya kutoa

Krita weka juu ya kila kitu tabaka la kijivu lenye hali ya `Color`. Rangi zote zitaondoka na utabaki na mwanga na giza. Kama ngozi ya mkono na shati vimekuwa kijivu kimoja, mchezaji wa simu aliye juani hataona mkono unaishia wapi. Kwa mvuvi wetu jibu ni kupandisha shati kidogo, na ngozi kuiacha ilivyo.

Kisha ondoa tabaka hilo, mtazame mvuvi Blender akiwa na urefu wa kidole kwenye kioo. Uso lazima uonekane kwanza, kikoi kifuate. Macho yako yakikimbilia miguuni, ongeza nguvu ya tabaka la urefu.

Kumpeleka kwenye mchezo

Punguza picha iwe 512, hamisha modeli kwa faili la glTF. Ndani ya Godot 4, programu ya kuundia mchezo wenyewe, kwenye nyenzo ya modeli, fungua `Shading` na uweke `Shading Mode: Unshaded`. Ukiacha taa za Godot ziwake, mvuvi atapata kivuli juu ya kivuli, na utalitambua kosa hilo kwa tumbo la shati kuwa jeusi na uso kugawanyika upande mmoja wa giza na mmoja wa mwanga.

Gharama ya `Unshaded` ni kwamba mvuvi hajui mahali alipo. Akiingia chini ya mwembe anabaki na jua lake. Kwa hiyo weka eneo la kivuli kwenye ramani ya mchezo, na akiingia humo izidishe teksicha kwa rangi moja:

```
material.albedo_color = Color(0.72, 0.74, 0.85)
```

Akitoka, irudishe `Color(1, 1, 1)` kwa mpito wa robo sekunde hivi. Njia hii inatosha kwa kivuli cha miti na kwa jioni, maana vyote viwili bado vina nuru ya juu, imepungua tu na kubadilika rangi.

Haitoshi kwa usiku wa kuvua dagaa, karabai ikiwa imewekwa chini ndani ya chombo. Hapo nuru inatoka magotini kwenda juu, na hakuna rangi ya kuzidisha itakayoligeuza paji la uso kuwa kivuli. Tukio hilo linahitaji teksicha ya pili. Rudi kwenye nodi za mwelekeo, kwenye `Map Range` badilisha `To Min` iwe `1` na `To Max` iwe `0`, fanya `Bake` upya, na ubadilishe tabaka hilo ndani ya faili la Krita. Tabaka la urefu ligeuze nalo, nyeusi iende kichwani, na rangi ya vivuli iwe buluu nzito ya usiku. Rangi za msingi na milia zinabaki kama zilivyo, ila kwenye darizi kitone cha mwanga kihamie juu. Uso ndio utakaochorwa upya kwa mkono: chini ya pua mwanga, chini ya kidevu mwanga, mgongo wa pua kivuli, na kimeta cha jicho kishuke chini ya mboni.